Barua ya kuomba benki ipange upya mkopo wa mashine ya mpunga

*Kaka, naendesha mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, Mbarali. Nilikopa benki milioni 60 kwa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka, ya salio linalopungua. Rejesho ni 2,169,000 kila tarehe 15. Nimelipa 16 mpaka mwezi huu wa Novemba. Februari na Machi nilichelewa, nikakopa kwenye kikundi na kwa mfanyabiashara wa mchele ili nilipe. Desemba ndiyo hiyo inakuja tena. Nataka kuiandikia benki inipunguzie rejesho. Barua iandikweje, na hesabu gani niambatanishe? Picha za daftari langu la miezi 12 hizi hapa.*

Dada, daftari lako nimelisoma lote, na limenirahisishia kazi sana. Nilikaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nikiwa afisa mikopo, na wateja wa msimu walioleta daftari la namna hii nawahesabu kwa vidole.

Naanza na neno moja la kuondoa kwenye barua yako: "kupunguziwa". Ukiandika hivyo, afisa atafanya kile ambacho sisi sote tulifanya. Atachukua salio lako, ambalo baada ya marejesho 16 ni kama 37,241,000, alitandaze upya kwa miezi 36, na rejesho litashuka hadi 1,346,000. Utafurahi na utasaini. Kisha Januari itafika, na daftari lako linaonyesha kwamba Januari iliyopita, ukishalipa umeme, mlinzi, fundi na chakula cha nyumbani, ulibaki na laki moja tu. Rejesho la 2,169,000 halilipiki kwa laki moja, na la 1,346,000 halilipiki vilevile. Kuanzia Desemba hadi Aprili ungepungukiwa shilingi 5,630,000 hata kwa rejesho hilo jipya, na ungerudi palepale kwenye kikundi.

Rejesho lako si kubwa kupita uwezo wa biashara kwa mwaka mzima. Kinachokuumiza ni kwamba linadai kiasi kilekile mwezi ambao mpunga uko shambani bado kijani na mwezi ambao malori yanapanga foleni mlangoni kwako. Hilo ndilo la kuonyesha, na linaonyeshwa kwa jedwali moja tu. Nimelitoa kwenye daftari lako, kuanzia Novemba ya mwaka jana. Tarakimu ni za maelfu ya shilingi. "Matumizi" yanajumuisha pesa unayochukua ya nyumbani, maana ukiificha hiyo afisa ataikadiria mwenyewe, na makadirio yake huwa makubwa kuliko ukweli.

| Mwezi | Mapato | Matumizi | Kinachobaki | Baada ya rejesho |
|---|---|---|---|---|
| Novemba | 2,900 | 1,600 | 1,300 | −869 |
| Desemba | 1,900 | 1,300 | 600 | −1,569 |
| Januari | 1,500 | 1,400 | 100 | −2,069 |
| Februari | 1,100 | 1,000 | 100 | −2,069 |
| Machi | 1,000 | 1,000 | 0 | −2,169 |
| Aprili | 1,600 | 1,300 | 300 | −1,869 |
| Mei | 5,200 | 2,100 | 3,100 | 931 |
| Juni | 8,400 | 2,900 | 5,500 | 3,331 |
| Julai | 9,100 | 3,000 | 6,100 | 3,931 |
| Agosti | 7,800 | 2,700 | 5,100 | 2,931 |
| Septemba | 5,900 | 2,300 | 3,600 | 1,431 |
| Oktoba | 4,300 | 1,900 | 2,400 | 231 |

Jumlisha safu ya "kinachobaki" kwa mwaka mzima, unapata 28,200,000. Marejesho ya mwaka ni 26,028,000. Kwa hiyo mwaka unajilipa, ila kwa kubanana mno: kila shilingi 100 ya rejesho ina shilingi 108 nyuma yake. Sasa ugawe mwaka vipande viwili. Novemba hadi Aprili unapungukiwa 10,614,000. Mei hadi Oktoba unabakiwa na ziada ya 12,786,000.

Hapo ndipo swali gumu linapozaliwa, na barua nyingi za wateja hufia hapo kwa sababu hazilijibu. Mtu wa kamati ya mikopo, ambaye hakujui na hajawahi kufika Ubaruku, atatazama jedwali hilo na kuuliza: kama ziada ya msimu inazidi pungufu la masika, kwa nini huyu mama hakuiweka akiba? Usipomjibu, atajijibu mwenyewe kwamba pesa ilijenga nyumba au iliolea. Jibu lako lipo kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, ulikoandika madeni. Masika iliyopita ulitoa akiba yako yote, 2,614,000, ukakopa 8,000,000 pembeni. Ulipofika msimu ukarudisha 10,400,000. Riba peke yake ni 2,400,000. Ukitoa 10,400,000 kwenye ziada ya 12,786,000 zinabaki 2,386,000, na hizo ziliishia kwenye rola za mpira, mikanda na bati za ghala. Risiti ninaziona kwenye picha. Kwa maneno mengine, pesa ambayo ingekuwa akiba ya masika hii ilikwenda kulipa deni la masika iliyopita, na deni hilo ulilikopa ili rejesho la benki lisilale. Hicho ndicho kiini cha barua. Kiandike wazi, usione haya. Najua wengi wanaogopa kuitajia benki deni la kikundi. Lakini afisa ataona kwenye taarifa ya akaunti yako pesa nzito zikiingia Februari, mwezi ambao mashine haikuwa na kazi, na ukikaa kimya atadhani unaficha kikubwa zaidi.

Uombe nini hasa

Wateja wengi huomba neema ya miezi sita, wasilipe chochote. Mimi siipendi kwa hali yako. Riba ya salio lako ni kama 559,000 kwa mwezi. Usipoilipa inapanda juu ya mkopo, na Mei utakuta deni limenenepa kwa zaidi ya milioni tatu. Isitoshe, masika ya mwaka unaofuata inakukuta na rejesho lilelile la kila mwezi, kwa hiyo utakuwa umesogeza tatizo mwaka mmoja mbele.

Omba ratiba inayofuata msimu. Miezi mibaya ulipe riba tu, miezi ya mavuno ulipe riba na sehemu kubwa ya mtaji. Hivi ndivyo nilivyokupangia. Desemba hadi Aprili, riba tu, 559,000 kwa mwezi. Mei 2,000,000. Juni 4,000,000. Julai 4,500,000. Agosti 4,000,000. Septemba 2,500,000. Oktoba 1,500,000. Jumla ya Mei hadi Oktoba ni 18,500,000, na mwisho wa Oktoba salio linakuwa limeshuka hadi 21,457,000. Novemba hadi Aprili inayofuata unalipa riba tu tena, ila sasa ni 322,000 kwa mwezi kwa kuwa salio limepungua. Msimu wa pili unarudia viwango vilevile, na Oktoba yake zinabaki 4,198,000. Masika ya tatu riba ni 63,000 kwa mwezi. Mei unalipa 2,000,000, Juni unamalizia 2,295,000.

Mkopo utaisha miezi 11 baadaye kuliko mkataba wa sasa, na riba utakayolipa benki itaongezeka kwa kama 3,014,000. Gharama hiyo iseme mwenyewe kwenye barua, kisha uiweke kando ya 2,400,000 uliyolipa pembeni kwa masika moja tu. Kwa ratiba ya sasa bado una masika mbili mbele yako.

Utaniuliza kwa nini nisipange zaidi ya 18,500,000 wakati msimu unabakiza 25,800,000. Ni kwa sababu ya mwaka ambao mvua au maji ya mfereji yatagoma. Nimepunguza mapato yako ya Mei hadi Oktoba kwa moja ya tano, yaani 8,140,000. Matumizi hayashuki kwa kiwango hicho, maana mlinzi na fundi wanalipwa mpunga uwepo usiwepo; nimekadiria kwamba umeme na vibarua vitapungua kwa 1,500,000 tu. Zinabaki 19,160,000. Ratiba inalipika, kwa kubakiza 660,000. Kipimo hicho kimoja kina uzito kuliko kurasa tatu za kusihi, kwa kuwa kamati itakifanya hata usipokifanya wewe, na ikikuta umekwisha kukifanya inajua inazungumza na mtu anayeielewa biashara yake. Kuanzia mwaka wa pili, mavuno yakiwa ya kawaida, ratiba mpya inaweka shilingi 138 nyuma ya kila 100 ya rejesho badala ya 108. Kwenye kamati nilizokaa, tuliridhika tukiona 120 kwenda juu.

Kuna shimo moja la kuziba kabla hujaandika. Masika hii inayokuja, hata riba tu huimudu. Desemba hadi Aprili inadai 2,793,000 na mashine itakubakizia 1,100,000. Unahitaji 1,693,000 kutoka kwingine. Kwenye daftari umeandika kwamba una mpunga wako mwenyewe ghalani, unasubiri bei ya Februari. Naelewa, bei hupanda miezi hiyo. Lakini uza sasa gunia za kutosha kupata 1,700,000, zilizobaki zisubiri. Mteja anayekwenda kuomba akiwa ameshaweka pembeni pesa ya kuziba pungufu la riba ya miezi mitano hafanani na anayekwenda mikono mitupu.

Usiiweke pesa hiyo kwenye akaunti ya marejesho. Nalisema hili kwa sababu nimeona watu wakilia dirishani. Mfumo wa benki haujui kwamba umeandika barua. Tarehe 15 Desemba mfumo huo unaamka, unakuta akaunti ina 1,700,000, unaifagia yote kama sehemu ya rejesho la zamani, na mpango wako umekufa kabla haujasomwa. Fungua akaunti ya akiba tofauti, hata kwenye tawi hilohilo, uweke humo, na uambatanishe taarifa yake.

Ushahidi

Daftari ni lako, na benki haliamini peke yake. Kazi yako ni kulitafutia shahidi wa nje. Kwa mashine ya kukoboa, shahidi mzuri kuliko wote ni umeme. Chukua risiti za LUKU za miezi 12, uorodheshe yuniti ulizonunua kila mwezi, uziweke kando ya mapato. Mashine haikoboi bila umeme, na hakuna anayenunua yuniti za Julai mwezi Machi ili kumdanganya afisa. Mistari miwili ikipanda na kushuka pamoja, hoja ya msimu imethibitika. Kama kuna mwezi ambao haiendani, uueleze kwa mkono wako pembeni. Nimeona Septemba yako ina umeme mwingi kuliko mapato. Ukiniambia ni kwa sababu ulikoboa mpunga wako mwenyewe, basi hilo ndilo la kuandika.

Shahidi wa pili ni taarifa ya akaunti ya benki pamoja na ile ya simu. Hapa watu wengi huumia. Pesa ya kukoboa inaingia taslimu, inalipa vibarua jioni ileile, benki haifiki. Kwa hiyo daftari linasema Julai 9,100,000 na benki inaonyesha 5,000,000. Usirekebishe daftari lifanane na benki, na usijaribu kinyume chake. Andika mstari mmoja: kiasi fulani kilipitia benki, kiasi fulani simu, kilichobaki kilipokewa taslimu na kutumika hivi. Kuanzia sasa mauzo yote yapitie akaunti kwanza ndipo yatoke, hata kama inakuchosha.

Barua yenyewe

Iwe ukurasa mmoja na nusu, jedwali likiwa kiambatisho. Iandike kwa meneja wa tawi, ingawa uamuzi huenda ukafanyika makao makuu. Nimekuandikia rasimu, majina na namba ujaze mwenyewe.

> Meneja wa Tawi,
> Benki ya …………, Tawi la …………
>
> 24 Novemba
>
> YAH: OMBI LA KUPANGA UPYA RATIBA YA MAREJESHO, MKOPO NA. …………
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Mimi ni mteja wenu na mmiliki wa mashine ya kukoboa mpunga iliyopo Ubaruku, Wilaya ya Mbarali. Nilipata mkopo wa shilingi 60,000,000 kwa miezi 36. Nimelipa marejesho yote 16 yaliyokwisha kufika. Mawili, la Februari na la Machi mwaka huu, niliyachelewesha kwa siku 19 na siku 26. Leo sidaiwi rejesho lolote lililopita tarehe. Kwa hesabu yangu salio ni shilingi 37,241,000, naomba mlithibitishe.
>
> Ninaomba ratiba ya marejesho ifuate msimu wa mpunga. Kiambatisho Na. 1 kinaonyesha kwamba kwa miezi 12 iliyopita biashara ilibakiza shilingi 28,200,000 kabla ya rejesho, kiasi kinachozidi marejesho ya mwaka. Hata hivyo, 25,800,000 kati ya hizo zilipatikana Mei hadi Oktoba, na 2,400,000 tu Novemba hadi Aprili, miezi ambayo mpunga uko shambani. Kiambatisho Na. 2 ni manunuzi ya umeme kwa miezi hiyohiyo.
>
> Masika iliyopita nililipa marejesho yenu kwa akiba yangu ya shilingi 2,614,000 na kwa mikopo ya nje ya shilingi 8,000,000. Mikopo hiyo niliimaliza wakati wa mavuno kwa jumla ya shilingi 10,400,000. Ndiyo sababu ziada ya msimu huu haikubaki kuwa akiba. Kwa sasa sina deni lingine lolote.
>
> Ninapendekeza kulipa riba tu kuanzia Desemba hadi Aprili. Kisha Mei 2,000,000, Juni 4,000,000, Julai 4,500,000, Agosti 4,000,000, Septemba 2,500,000 na Oktoba 1,500,000. Na kurudia utaratibu huu, Novemba ikiwa ya riba tu, mpaka deni liishe Juni ya mwaka wa tatu. Ratiba kamili ni Kiambatisho Na. 3. Ninaelewa kwamba mkopo utaongezeka miezi 11 na kwamba nitalipa riba zaidi ya takriban shilingi 3,014,000. Siombi kupunguziwa riba wala sehemu yoyote ya deni.
>
> Nimepima ratiba hii kwa mwaka ambao mapato ya msimu yanapungua kwa asilimia 20. Bado inalipika. Aidha, nimeweka shilingi 1,700,000 katika akaunti ya akiba Na. ………… kwa ajili ya riba ya Desemba hadi Aprili, na kuanzia sasa mapato yote ya mashine yatapitia akaunti yangu ya benki yenu.
>
> Naomba pia niruhusiwe kulipa zaidi ya ratiba bila adhabu, msimu ukiwa mzuri. Mdhamini wangu na mwenza wangu wameisoma barua hii na wako tayari kusaini marekebisho ya mkataba.
>
> Rejesho linalofuata ni tarehe 15 Desemba, hivyo nitashukuru kupata jibu kabla ya tarehe hiyo. Namkaribisha afisa wenu aje kukagua mashine na daftari siku yoyote.
>
> Wako mwaminifu,
> …………

Angalia sentensi ile ya mdhamini na mwenza, usiifute kwa kuona ni ya heshima tu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa mdhamini njia ya kutoka kama masharti yatabadilishwa bila ridhaa yake. Benki inalijua hilo vizuri, na maombi mengi niliyoyaona yamelala wiki tatu yalikuwa yanamsubiri mdhamini aliyesafiri. Kama dhamana ni nyumba mnayoishi, na mwenza naye atahitajika. Zungumza nao wiki hii, ndipo upeleke.

Ukishaipeleka

Peleka nakala mbili. Moja ibaki kwao, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Usiipitishe kwa afisa mtaani.

Nikiwa bado kazini, kwenye benki moja huko nyanda za juu, kulikuwa na mteja wa mashine kama wewe ambaye afisa wake alimwambia, "Wewe endelea kulipa unachopata, tumeelewana." Akaendelea. Miezi miwili baadaye afisa akahamishwa. Mfumo ulikuwa umehesabu kila siku ya ucheleweshaji pamoja na adhabu, na nilipopokea faili lake lilikuwa limepita siku 90, yaani mkopo chechefu. Kutoka hapo lugha ya benki inabadilika: faili linaelekea kwa watu wa kukusanya madeni, taarifa yako kwenye kanzidata za wakopaji inachafuka, na ombi ambalo lingepita kwa ukurasa mmoja linahitaji wakili. Nililipigania, na tulifanikiwa kulipanga upya, lakini alilipa adhabu ambayo hakupaswa kulipa. Maneno ya mdomo hayabadilishi ratiba iliyomo kwenye mfumo. Ndiyo maana nakuhimiza upeleke sasa, wakati hudaiwi rejesho lolote lililopita tarehe.

Kama tarehe 15 itafika bila jibu, toa 559,000 kwenye ile akiba, uilipe, na siku hiyohiyo uandike ujumbe mfupi wenye kumbukumbu ya barua yako kwamba umelipa riba ya mwezi wakati ukisubiri uamuzi. Rejesho litahesabika halijakamilika, hilo lielewe. Lakini utakuwa umeonyesha ratiba unayoiomba kwa vitendo, na siku 90 ziko mbali.

Huenda wakakuambia, "Mama, kwa nini tusikupe mkopo mpya mkubwa ufute huu, ubaki na pesa mkononi?" Inavutia, na afisa anaweza kuipendekeza kwa nia njema kwa kuwa inapita haraka kuliko kupanga upya. Kataa. Unalipa ada mpya, bima mpya, deni linakua, na rejesho linabaki la kila mwezi. Huenda pia wakakubali nusu, kwa mfano riba tu mpaka Machi na rejesho kamili Aprili. Aprili yako ina laki tatu. Rudi na jedwali, uwaonyeshe mstari huo kwa kidole. Wakitaka kuongeza Juni na Julai ili mkopo uishe mapema, hapo unaweza kulegeza kidogo, kwa kuwa miezi hiyo ina nafasi. Wakikataa kabisa, omba sababu kwa maandishi. Benki inatakiwa kuwa na dawati la malalamiko, na juu yake kuna Benki Kuu, kwa mujibu wa kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019. Ila nenda huko baada ya kuyasoma majibu yao, maana mara nyingi wanakataa kwa sababu ya karatasi moja iliyokosekana.

Wakikubali, ujue mkopo uliopangwa upya huwekwa kwenye uangalizi, na kwa muda fulani si rahisi kupata mkopo mwingine kwao. Kama ulikuwa unafikiria mashine ya kupanga madaraja ya mchele, isubiri.

Siku ya kusaini, usikubali barua ya "tumeridhia" peke yake. Dai nyongeza ya mkataba yenye ratiba iliyochapishwa kutoka kwenye mfumo wao, tarehe kwa tarehe. Kaa nayo pale dirishani uilinganishe na Kiambatisho Na. 3. Tazama mistari mitatu tu: Desemba iwe kama 559,000, Julai iwe 4,500,000, na mwisho wa Oktoba salio lisomeke karibu na 21,457,000. Desemba ikisoma 2,169,000, basi ratiba mpya haijaingizwa. Usiondoke hapo mpaka iingizwe.